Hasi Mbili Nilizoziandika

Kundi la damu hupimwa mara mbili. Watu wengi hawajui hilo, na mimi niliyelijua nilifanya kazi miaka kadhaa kama mtu asiyelijua. Mara ya kwanza unachukua chembe nyekundu za mtu na kuzidondoshea dawa za kupimia: ya buluu inatafuta A, ya manjano inatafuta B, na isiyo na rangi inatafuta Rhesus, ile inayolipa kundi chanya au hasi. Chembe zikishikana na kufanya punje, umepata ulichokuwa unatafuta. Mara ya pili unaigeuza kazi. Unachukua seramu ya mtu yuleyule, yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda, na kuyatia chembe ambazo kundi lake unalijua tayari. Mtu wa A hubeba kinga dhidi ya B katika seramu yake. Wa B hubeba kinga dhidi ya A. Wa O anazo zote mbili, na wa AB hana hata moja. Kwa hiyo pande hizo mbili lazima zikubaliane. Upande wa chembe ukisema AB, upande wa seramu unatakiwa unyamaze kabisa.

Nilijifunza hayo Gitega, mwaka ule tuliporudi nyumbani kutoka ukimbizini Tanzania. Kule nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, kisha nikakaa miaka mingi kwenye zahanati ya kambi nikitafuta malaria kwa darubini. Amani ilipotangazwa na malori ya kuturudisha yalipoanza kuvuka mpaka, nilikuwa mtu mzima mwenye mvi. Walinipeleka Gitega kwa miezi michache ili nijifunze mambo ya damu, halafu nikapangiwa hospitali moja ya mkoa wa Muyinga.

Mkuu wa maabara ile ya Gitega alikuwa mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya shingo. Sote tulimwita Mama Shefu. Alikuwa na kipande cha boksi la dawa, kimekatwa sawasawa na upana wa safu moja ya rejesta. Ukishaandika matokeo ya upande wa chembe, alikifunika juu yake kabla hujasoma upande wa seramu.

"Jicho lako halina adabu," aliniambia siku ya kwanza. "Likijua jibu litaliona hata pale ambapo halipo."

"Na pande mbili zikikataana, Mama?"

"Huandiki kundi. Unaandika kwamba zimekataana, halafu unatafuta kwa nini. Usichague ule unaokupendeza. Hapa hatupigi kura."

Alitufundisha pia kitone cha kontroli: chembe za mgonjwa na maji matupu ambayo hayana dawa yoyote, ili kujua kama zinashikana zenyewe bila kuombwa. Na katika upande wa seramu alitaka tutie chembe za O pamoja na za A na za B, kwa sababu chembe za O hazina A wala B. Zikishikana nazo, ujue kuna jambo jingine ndani ya seramu hiyo. Niliyaandika yote kwenye daftari. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Muyinga nilikuwa peke yangu, na msaidizi aliyekuja siku tatu kwa wiki. Asubuhi benchi la nje lilijaa kina mama wajawazito, watoto wenye homa, watu wa ajali za baiskeli. Chembe za upande wa pili tulizitengeneza wenyewe. Za A zilitoka kwangu, za B kwa mama mfagiaji, ambaye alikuwa akinyoosha mkono huku akilalamika kwamba damu yake imeajiriwa bila mkataba. Za O zilitoka kwa mlinzi, lakini mlinzi alihamishwa, na mimi sikutafuta mwingine. Kila safari ilibidi kuziosha mara tatu kwa maji ya chumvi, na zilikaa siku chache tu kabla ya kuharibika.

Kwanza niliacha chembe za O. Kisha nikaacha kitone cha kontroli. Kipande cha boksi sikuwahi hata kukikata. Mwishowe nikawa ninafanya jambo ambalo, nilivyokuja kujua, mafundi wengi wa mikoani walikuwa wakilifanya: nilisoma upande wa chembe, nikajaza safu ya upande wa seramu kwa penseli jinsi inavyotakiwa kuwa, ndipo nikatazama vichupa. Mara mia vilikuwa sawa. Kwa hiyo niliona kutazama ndiko kazi ya ziada, na kujaza ndiyo kazi yenyewe.

Dereva mmoja alikuja mwezi wa saba, wakati wa baridi kavu. Alikuwa kijana wa mjini Muyinga, mtoto wa familia ya mafundi cherehani, mcheshi, anaendesha lori la maharage na kahawa kati ya Muyinga na Gitega. Tajiri wake alitaka kila dereva awe na karatasi ya grupaji, kama tunavyoita kupima kundi la damu. Alikuwa bado anakohoa. Wiki mbili kabla alilazwa kwa homa ya mapafu.

"Muganga, mi naogopa sindano kuliko polisi," alisema.

"Polisi anachukua zaidi."

"Lakini polisi unaweza kumuongelesha."

Damu yake niliiona kwenye kichupa imejishikiza ukutani kama mchanga wenye maji. Niliiona. Kwenye kigae cheupe cha kupimia ilishikana na dawa ya A, ikashikana na ya B, ikashikana na ya Rhesus. AB chanya. Nikajaza upande wa seramu kwa penseli: hasi, hasi, yaani hakuna punje. Kisha nikatazama vichupa, na vyote viwili vilikuwa na punje.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Nilichofanya ni hiki: nilifuta hasi zangu, nikaandika chanya mbili kama nilivyoona, nikakaa nazitazama. Nikajiambia chembe zangu zina siku tano, zimeharibika. Nje kulikuwa na watu zaidi ya thelathini. Nikafuta chanya, nikarudisha hasi. Karatasi ya rejesta ikabaki nyembamba mahali pale kwa kufutwafutwa.

Nilipompa karatasi yake nikamwambia AB ni kundi la watu wachache.

"Nilijua tu," alisema, akawageukia wale wa benchini. "Mumesikia? Mi siko damu ya kila mutu."

Karibu miaka miwili ikapita. Alikuwa ameoa msichana wa Buhinyuza, binti wa wakulima waliorudi kutoka Tanzania kama mimi. Walikuwa na mtoto wa kike ambaye, wakati wa mvua za masika, aliletwa hospitali na malaria iliyommaliza damu. Baba alikuwa safarini. Nilimpima mtoto, nikampima mama yake aliyetaka kutoa damu. Wote wawili O chanya. Kwa mtoto yule nilifanya pande zote mbili kwa uangalifu, maana mtoto mdogo akikosewa damu hana muda wa kulalamika. Aliongezewa, akapona, na mama yake akaondoka na karatasi mbili nilizoziandika mwenyewe.

Kaka wa dereva alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari. Somo lenyewe ni rahisi, lipo kwenye vitabu vya shule. Mtoto hupokea kitu kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Wa O hakupokea A wala B kutoka upande wowote. Baba wa AB ana A na ana B, hana cha tatu cha kutoa. Kwa hiyo baba wa AB hazai mtoto wa O. Mwalimu alizitandaza karatasi zote tatu mezani wakati wa chakula, mbele ya mama yao, akalieleza somo lake vizuri. Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na karatasi zenye muhuri.

Dereva alikuja maabara kesho yake. Siku hiyo hakusalimia watu wa benchini.

"Muganga, niko na swali moja tu. Hii karatasi na hii, yote iko ya mkono yako?"

"Ndiyo, ni mwandiko wangu."

"Ulipima vizuri?"

"Nilipima."

"Hakuna kosa ndani?"

Nilikumbuka. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimesahau, kwamba vichupa ni vingi na miaka miwili ni mingi. Lakini nilizikumbuka zile punje wakati uleule alipokuwa akiuliza, na hata ule mchanga kwenye ukuta wa kichupa. Nikamtazama usoni.

"Hakuna kosa," nikasema.

Akazikunja karatasi zikawa ndogo sana, akaziweka mfukoni mwa shati, akasema asante. Jioni yake mke na mtoto walipandishwa kwenye baiskeli za abiria na kurudishwa Buhinyuza, na mjini kila mtu alijua sababu, kwa kuwa iliandikwa na hospitali.

Wiki sita baadaye mke alikuja, kwa miguu, mtoto mgongoni. Alisubiri hadi benchi likaisha. Alizungumza Kiswahili cha kule kambini, kama changu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu."

"Nimekuja unipime tena. Mimi na mtoto. Na uniite nisimame karibu, nione."

"Mkipimwa tena mtakuwa walewale."

"Basi niwaone hao walewale. Mimi najua nimelala wapi na nani, baba. Sijawahi kulala kwingine. Kwa hiyo kuna karatasi moja hapa inayosema uongo, na mimi nataka kuanza kuitafuta kwangu, ili mtu asiseme nimeogopa."

Niliwapima. Nilitengeneza chembe mpya hapo hapo, na nikamkamata mpishi wa wagonjwa, ambaye alikuwa O, nikapata chembe za O pia. Nilitia kontroli. Binti yule alisimama begani kwangu. Mtoto: hakushikana na dawa ya A, hakushikana na ya B, akashikana na ya Rhesus, kontroli safi. Seramu yake ilishika chembe za A, ikashika za B, ikaziacha za O. Mama yake vilevile.

"Kwa hiyo sisi tuko sawa pande zote," alisema.

"Mko sawa."

"Na yeye? Yeye ulimfanyia hivi hivi, vichupa vyote hivi?"

Nikageuka kuosha vichupa. Akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Nilitoa rejesta ya mwaka ule. Nilipoinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, pale penye jina la dereva palipitisha mwanga kuliko penginepo, na chini ya hasi zangu chanya mbili bado zilisomeka.

Hata hapo sikwenda kwa dereva kumwambia ukweli. Nilimwambia kwamba Gitega wanahakiki karatasi za madereva wote, na kwamba nitamsindikiza. Ulikuwa uongo wa tatu, baada ya hasi na baada ya "hakuna kosa", ingawa huu nilidhani una faida.

Tuliondoka alfajiri na lori la maharage. Ilikuwa tena miezi ya baridi. Aliendesha akiwa na glavu za sufu, na mahali fulani kabla ya Mutaho alisimamisha gari, akazivua, akaipulizia mikono yake. Vidole vilikuwa vya zambarau hadi kwenye kiungo cha pili.

"Tangu lini hivi?" nikamuuliza.

"Tangu ile ugonjwa ya kifua. Baridi ikikuja, vidole inakufa. Jua ikitoka, inafufuka." Akacheka kidogo. "Bibi yangu, mama ya mutoto, alikuwa anazishika ndani ya kwapa yake. Sasa niko na glavu."

Mama Shefu alikuwa amezeeka. Miwani ilikuwa na uzi mpya. Alimtoa dereva damu, akampima mwenyewe, nami nikasimama pembeni kama mwanafunzi. Kwenye kigae: A imeshika, B imeshika, Rhesus imeshika. Dereva, ambaye sasa alizijua rangi za dawa, akasema kwa uchungu, "Si unaona. AB."

"Bado sijaona kitu," alisema Mama Shefu. Akatia kitone cha kontroli. Nacho kikashika. "Hizi chembe zinashikana hata na maji matupu, bwana. Kwa hiyo kushikana kwake na dawa zangu hakuniambii chochote. Hata Rhesus hii siiamini."

Kisha upande wa seramu. Alichukua kile kipande cha boksi, akafunika. Chembe za A zilishika. Za B zilishika. Za O pia zilishika, na mwisho akaitia seramu ya dereva kwenye chembe za dereva mwenyewe, zikashikana.

"Onyesha mikono," akamwambia. Akavishika vidole vyake. "Wewe una kinga inayoamka kwenye baridi. Wengine huipata baada ya homa ya mapafu, kwa wengi huondoka, kwako imekaa. Ikipoa inashika chembe zozote, hata zako. Tutaipasha moto, tuone itasema nini ikilala."

Aliweka maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai, akayapima kwa kipimajoto hadi yakafika joto la mwili. Akamtoa damu tena, kwenye vichupa vilivyokuwa tayari ndani ya maji hayo, kimoja chenye dawa ya kuzuia kuganda, kingine kitupu cha kutolea seramu, wala hakuviacha vipoe hata kidogo. Chembe akaziosha kwa maji ya chumvi yaliyopashwa, mara nne, kila mara akimwaga ya juu na kutia mapya. Dereva aliyazoea mambo ya gereji, akanong'oneza, "Anaosha kabureta." Nilikaribia kucheka.

Akarudia. Kontroli: safi, chembe zimelala laini kama maziwa ya rangi ya waridi. Dawa ya A: safi. Dawa ya B: safi. Rhesus: imeshika, na safari hii iliaminika kwa sababu kontroli ilinyamaza. Akaiacha seramu na zile chembe za upande wa pili zipate joto kabla ya kukutana, akazichanganya, akaziacha humo humo kwenye maji ya vuguvugu. Chembe za A zilishika, kwa unyonge kuliko kawaida lakini wazi. Za B zilishika. Za O zilibaki zimetulia.

"O chanya," alisema Mama Shefu. "Pande zote mbili sasa zinakubaliana. Ungepata ajali barabarani na karatasi yako ile, ukapewa damu ya AB, ungekufa kabla ya kufika wodini. Huyo ndiye aliyekupima?"

"Ndiyo," nikasema mimi.

"Upande wa seramu ulikuonyesha nini siku ile?"

Angeweza kuniuliza tukiwa peke yetu. Hakufanya hivyo, na ninamshukuru.

"Ulishika kote, A na B. Kontroli sikutia. Chembe za O sikuwa nazo. Niliandika chanya, nikafuta, nikaandika hasi ili zikubaliane." Nikamgeukia dereva. "Na uliponiuliza kama kuna kosa, nilikuwa ninakumbuka."

Dereva alikuwa amekaa kwenye kigoda, pamba bado imebanwa kwenye kiwiko.

"Ulikuwa unakumbuka," alisema.

"Ndiyo."

"We uliniangalia hapa." Akagusa kipaji chake cha uso. Mama Shefu akamwandikia barua ya daktari kuhusu ile mikono, akamwandikia karatasi mpya, na chini yake akaongeza mstari kwamba damu ya mtu huyu ipimwe ikiwa imepashwa joto.

Siku tatu baadaye tulikwenda Buhinyuza na lori likiwa tupu, isipokuwa makreti mawili ya bia, kama inavyompasa mwanaume anayekwenda kuomba mke wake. Nilikuwa nimemwomba anichukue. Kwa baba mkwe wake kulikuwa na majirani sita saba wa mlimani pale, na chungu cha impeke, pombe ya mtama, katikati yao na mirija ikitoka juu. Mzee alimkaribisha mkwe wake. Alimpa mrija. Kwangu mimi aliuliza kwanza, "Na huyu?"

"Huyu ndiye muganga," alisema dereva.

Mzee akauweka mrija uliobaki juu ya paja lake.

Nilisimama nikaeleza, kwa Kirundi na pale kiliponipungukia kwa Kiswahili. Nilieleza pande mbili, na penseli, na kufuta. Nilisema binti yao hakuwa na kosa, mtoto ni wa baba yake, na kosa ni langu mara tatu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini nilifuta. Nikasema watu walikuwa wengi nje. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayesikia kwamba ng'ombe amekufa kwa sababu kamba ilikuwa fupi.

Mke wa dereva alikuwa ameketi na mama yake mlangoni. Dereva alimpa karatasi mpya kwa mikono miwili. Mkewe aliisoma hadi chini, hata ule mstari wa joto.

"Sasa umeamini," alimwambia.

"Nimeamini. Nimekuja kukuomba msamaha. Turudi nyumbani."

"Umeamini nini?"

"Kwamba mtoto ni wangu."

"Hiyo ni karatasi. Ya kwanza iliposema si wako, uliamini. Hii inasema ni wako, umeamini. Mimi niliposema, hukuamini. Nilikwambia kwa mdomo wangu jikoni kwetu, nimepiga magoti." Hakuinua sauti. "Kama yule mama wa Gitega angekosea naye, leo ningekuwa nani?"

Akaikunja karatasi, akamrudishia dereva.

"Msamaha nimekupa," alisema. "Kurudi sirudi. Mtoto ni wako, njoo umwone unapotaka, mbele ya watu hawa nimesema." Kisha akanitazama mimi. "Wewe, baba, nilikupa nafasi. Nilisimama begani kwako nikakuuliza."

"Ndiyo, binti yangu. Uliniuliza."

"Ungejibu siku ile, pengine nisingekuwa nimeshazoea kulala hapa."

Mzee wake hakumlazimisha. Wapo ambao wangemlazimisha. Makreti yalipokelewa, yakanywewa, kwa sababu yalikuwa ya msamaha na msamaha ulikuwa umetolewa. Mrija wangu haukutoka pajani mwa mzee.

Tulipoinuka, mtoto alililia lori. Mama yake akasema apelekwe hadi njia panda kisha arudishwe. Nikaenda kwenye mlango wa mbele kama nilivyokuja, lakini dereva alikuwa amemketisha mtoto kwenye kiti changu, anamfungia mkanda uliokuwa mpana kuliko kifua chake.

"We panda nyuma," aliniambia.

Nikapanda nyuma, kwenye maganda ya maharage na vumbi la kahawa, nikashika chuma. Aliendesha polepole sana. Kupitia kioo kidogo cha nyuma niliona kichwa cha mtoto hakifiki kwenye dirisha, na mkono wa baba yake, bila glavu kwa kuwa jua lilikuwa kali, ukimwonyesha vitu vya njiani. Njia panda alishuka, akamchukua mgongoni na kumrudisha kwa miguu, mwendo wa nusu saa, na nusu saa nyingine ya kurudi. Mimi nilibaki juu ya lori nikamngoja. Aliporudi hakuniambia nihamie mbele, nami sikuomba, na hivyo ndivyo tulivyoingia Muyinga mjini saa tisa mchana, watu wakitutazama.